Wanne tu, bila kinanda

Ukipewa kuongoza wimbo wa ibada na mko wanne, hamna kinanda wala ngoma, usianze na makofi. Makofi ya watu wachache chumbani hufunika maneno upesi sana. Anza na mvumo, yaani sauti inayoimbwa mdomo umefumbwa. Midomo iguse kidogo na meno yaachane, ili sauti itetemeke mbele ya uso. Meno yakikazana, sauti hubanwa kooni na haifiki hata kwa jirani.

Gawaneni hivi: wawili waimbe sauti ya kwanza, yaani tuni yenyewe, mmoja avumishe, mmoja ashike mapigo. Wengi wanaoanza hutaka mvumishaji atunge sauti ya tatu nzima, na hapo ndipo mambo huharibika. Kwa nyimbo nyingi za kawaida noti mbili zinamtosha: do na so. Kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja na kupatana. So inakubaliana na kodi ya do na ya so. Do inakubaliana na kodi ya do na ya fa. Kodi hizo tatu hubeba sehemu kubwa ya nyimbo za tenzi.

Namna ya kujua lini abadilishe ni kuimba wimbo polepole kwa solfa, yaani kwa majina ya noti, do, re, mi. Sauti ya kwanza ikitua kwenye re au ti, mvumo uwe so. Ikitua kwenye fa au la, uwe do. Ikiwa do, mi au so, abaki pale alipo. Noti za kupita haraka asizifuate. Aangalie zile zinazoangukia pigo zito. Akikosea mtasikia mara moja, kwa maana sauti mbili zitasuguana na waimbaji watayumba bila kujua sababu.

Tuchukue wimbo wa mapigo matatu wenye mistari minne, ambao silabi yake ya kwanza huanguka kwenye pigo la tatu. Mstari wa kwanza mvumo unashika do. Mstari wa pili unamalizikia re, kwa hiyo mvumishaji anahamia so kwenye silabi hiyo ya mwisho. Wa tatu anarudi do. Wa nne anagusa so karibu na mwisho, kisha anafungia do. Ni hayo tu. Pumzi yake aivute katikati ya mstari, waimbaji wakiwa wanaimba, kusudi wao wakinyamaza kuvuta pumzi, mvumo uwepo.

Sasa mapigo. Pigo la kwanza ni kiganja bapa kifuani, chini kidogo ya mfupa wa mtulinga. La pili na la tatu ni vidole viwili juu ya paja. Anayepiga kifua asiimbe, kwani kila pigo litatikisa sauti yake. Kama lazima aimbe, ahamishie pigo zito kwenye paja kwa kiganja kizima. Mguu nauamini kwenye sakafu ya saruji tu. Juu ya zulia hausikiki.

Kwa kuwa wimbo unaanzia pigo la tatu, mpigaji atangulie: moja, mbili, tatu, moja, mbili, na waimbaji waingie kwenye "tatu". Akitanguliza moja-mbili-tatu kamili na kusimama, nusu yao wataingia kwenye pigo zito na wimbo mzima utakaa upande.

Mbio huanzia mwisho wa mstari, si katikati. Silabi ya mwisho hapa inadai mapigo matano kabla mstari mwingine haujaingia, na mpigaji akisikia utupu huukimbia. Hesabuni kwa sauti mnapofanya mazoezi: imbeni manne, pumueni la tano, ingieni. Mkimaliza ubeti mkakuta hampati tena nafasi ya kupumua, mmekwisha kukimbia.

Makofi yaje ubeti wa mwisho, mtu mmoja tu, viganja vimekunjwa kama vikombe ili mlio uwe mzito usio mkali. Apige pigo la pili na la tatu mahali pa vidole, kifua kibaki vilevile. Simama mwisho wa chumba usikilize: kama konsonanti za mwanzo wa maneno zimepotea, punguza hadi vidole viwili juu ya kiganja.

Mkishuka ufunguo, na bila ala mtashuka, msimlaumu anayeongoza kabla ya kumsikiliza mvumishaji. Akichoka, do yake huzama kidogo kidogo na wote humfuata. Pimeni do ya mwanzo na ya mwisho kwa programu ya simu ya kupimia sauti. Ikiwa imeshuka nusu toni au zaidi, badilishaneni kazi baada ya ubeti wa pili.

Nyimbo za ufunguo wa huzuni, zile zinazotulia kwenye la, hazifuati kanuni hii ya do na so. Kwazo shikeni la moja kwa moja kama mvumo, na muongeze mi pale tu la inaposuguana na sauti ya kwanza.