Sauti ya duka la ushonaji: anzia kwenye risiti

Mafundi wengi wanaofungua duka huanza na kibao, nacho wanakipa maneno makubwa: "Mitindo ya Kifalme." Mitandaoni wanaandika kwa utani na misimu ya vijana. Risiti nayo, ambayo mara nyingi imenakiliwa kutoka duka jingine, inafoka: "Nguo isiyochukuliwa kwa wakati hatuhusiki." Mteja mmoja amesemeshwa na watu watatu, na hajui ni yupi atakayemkuta siku suruali ikimbana.

Wewe unayeanza, amua sauti ya duka unapoandika risiti. Hapo ndipo mambo magumu yanaposemwa: advansi, tarehe ya kuchukua, marekebisho. Sauti inayoweza kuyasema hayo bila ukali wala kubembeleza haitashindwa kusifia gauni. Utani wa mitandaoni, ukiuhamishia kwenye salio la deni, unaudhi. Tena risiti inakufundisha ufupi, maana karatasi ya mashine ndogo, ile ya milimita 58, huchukua herufi 32 hivi kwa mstari.

Tuseme umechagua kuzungumza kama fundi mtulivu anayeeleza kazi yake. Duka linasema "sisi" na kumwita mteja "wewe", si "mteja mpendwa" wala "bosi". Risiti itasema: "Njoo uijaribu Ijumaa. Ikibana au ikipwaya, tunarekebisha bure ndani ya siku 14." Kibao, chini ya jina: "Tunashona. Unajaribu. Tunarekebisha." Mpita njia hana muda wa kusoma zaidi ya hapo. Chini ya picha mtandaoni: "Koti hili lilipwaya mabegani. Tumefumua mikono, tukapunguza mabega, tukairudishia."

Maneno hayafanani, na hayana haja ya kufanana. Msemaji ni yuleyule, na ahadi ni ileile.

Mambo huharibika zaidi pale anayeandika mitandaoni si yule anayeandika risiti. Msimu wa sikukuu msaidizi anaweka "marekebisho bure kabisa!" kwa sababu inavutia, akasahau zile siku 14. Utajua sauti zimeachana mteja atakapokunyooshea simu mbele ya meza ya kukatia, au watu wakizidi kuuliza jambo ambalo tayari limeandikwa kwenye risiti. Kwa hiyo bandika karibu na cherehani karatasi yenye sentensi chache zilizokwisha kukubaliwa, naye msaidizi azichukue kutoka hapo.

Kati ya hizo, ile ya kuchelewa ndiyo ningeitungia muda mrefu kuliko kauli ya kibao, kwa kuwa siku ya kuitumia utakuwa umebanwa na kazi na mkono utataka kuandika visingizio. Mfano: "Gauni lako halijawa tayari leo. Zipu haikukaa sawa, tunaibadilisha. Njoo ulijaribu kesho saa kumi jioni."