Barua ya kuhamisha tarehe ya rejesho

"Rejesho hukatwa tarehe 20, mshahara unaingia 25. Kila mwezi napigwa faini. Barua niiandikeje?"

Ndugu, mwandikie meneja wa tawi, utaje namba ya mkopo na uambatishe hati ya mshahara. Usiombe 25, mshahara ukichelewa siku mbili tu, faini iko palepale. Mimi niliandika: "Naomba rejesho lihamishwe kutoka tarehe 20 hadi 28 ya kila mwezi, kwa kuwa mshahara wangu huingia tarehe 25."

Uliza kuhusu riba ya zile siku 8: kwa deni la milioni 4, riba ya 17% kwa mwaka, ni kama shilingi 14,900. Hadi upewe ratiba mpya iliyosainiwa, tarehe 20 pesa iwepo kwenye akaunti.