Mpenzi wa Hafidh: bibi, kijana, au "yeye" tu?

*Shikamoo mwalimu. Ninaitafsiri ghazali ya Hafidh wa Shirazi, ile ya Mturuki na kidoti, ambamo mshairi anasema Mturuki wa Shirazi akiushika moyo wake, atatoa miji ya Samarkandi na Bukhara kwa kidoti cha huyo mpenzi. Katika ubeti wa kwanza anamsema mpenzi wake kama mtu asiyekuwapo, mbele anamwambia "wewe", na mwishoni anajiita kwa jina lake mwenyewe. Nimeweka "bibi" kote ili msomaji asipotee, lakini mwenzangu anasema huyo mpenzi ni mvulana. Nani yuko sahihi, na nimwiteje?*

Marahaba. Lifute "bibi", na usiweke "kijana" mahali pake. Kiajemi hakina jinsia katika viwakilishi vyake: neno *u* ni la mwanamume na la mwanamke, sawasawa na "yeye" yetu. Hafidh, aliyefariki Shirazi karibu na mwaka 1390, hakulazimika kutuambia mpenzi wake ni nani, na desturi ya ghazali ilimtaka asiseme. Mpenzi wa ghazali ni nafasi iliyoachwa wazi. Wasomaji wa zama zake waliweza kumwona humo kijana mzuri, mwanamke, mfalme anayemlisha mshairi, au Mwenyezi Mungu, na mara nyingi ubeti mmoja ulibeba zaidi ya mmoja kati yao. Mwenzako ana hoja kwa sababu kijana wa kiume ni sura ya kawaida sana katika mashairi ya Kiajemi ya wakati ule. Ila sura ya kawaida haijawa tamko la mshairi.

Mfasiri wa Kiingereza au Kifaransa hubanwa na lugha yake hadi achague. Kwa hiyo kama kazi yako inapitia tafsiri ya namna hiyo, jinsia unayoiona humo imetiwa na mfasiri. Wewe una kiambishi "a-" kinachofanya yaleyale yanayofanywa na Kiajemi, nacho ukikiacha kifanye kazi umeshavuka nusu ya taabu.

Mitego iliyobaki iko kwenye nomino na vitenzi. "Kipusa", "banati" na "mwanamwali" zinamfunga mpenzi kuwa mwanamke. "Mrembo" halina jinsia kamusini, lakini masikioni mwa wengi leo ni mwanamke, kwa hiyo nisingelitumia. Vitenzi "kuoa" na "kuolewa" ukivigusa tu, siri imetoka. Maneno yaliyo salama ni "mpenzi", "muhibu", "mwandani", "laazizi", na lile la washairi wa zamani, "nyonda". Uangalie pia ubeti wa nne, ambapo Hafidh anasema uso mzuri hauhitaji *ab o rang o khal o khatt*, yaani maji (kwa maana ya mng'ao), rangi, kidoti na *khatt*. Hilo la mwisho ni mstari au mchoro, na pia ni vinyweleo vya kwanza vya ndevu kwenye shavu la kijana. Ukiandika "wanja" umemfanya mwanamke, na ukiandika "ndevu changa" umemfanya mwanamume. "Nakshi" inabeba mchoro bila kumtaja mwenye uso, na mahali hapo mimi ningeandika hivyo.

Sasa tuje kwa "Mturuki". Si utaifa. Katika ghazali, Mturuki ni mpenzi mwenye uso mweupe na moyo mkali, picha iliyotokana na askari na watumwa wa Kituruki walioletwa kutoka Asia ya Kati. Mwenzake ni *hendu*, neno ambalo katika mashairi hayo husimamia weusi. Kwa hiyo *khal-e hendu* ni kidoti cheusi, na "kidoti cha Kihindi" kitampeleka msomaji wetu dukani kwa Mhindi badala ya shavuni kwa mpenzi. Weusi unaweza kuusema wazi, au ukauacha, maana kidoti chenyewe ni cheusi. "Mturuki" lakini mbakize na umweleze kwa mstari mmoja chini ya ukurasa. Ukimgeuza kuwa "mpenzi" tangu mwanzo, ubeti wa tatu utakatika mguu: humo mshairi analia kwamba wazuri wa mjini wamempora subira kama Waturuki wanavyopora meza ya karamu. Waturuki wa ubeti wa tatu wanamrudia yule wa ubeti wa kwanza, na uporaji ndio uzi unaowafunga.

Hayo ya majina ni mepesi ukilinganisha na kuhamahama kwa nafsi, na hapo ndipo ninapoona tafsiri nyingi za ghazali zinapoharibika. Ghazali hii ina beti 9 katika nakala zinazosomwa zaidi, na kila ubeti ni mishororo miwili tu inayojitegemea kwa maana. Ubeti wa kwanza unamsema mpenzi kwa "yeye". Wa pili unamgeukia mtu mwingine kabisa, *saqi*, anayegawa mvinyo, na kumwambia alete uliobaki kwa sababu peponi hapatapatikana ukingo wa kijito cha Ruknabad. Wa sita unamwambia mpenzi "wewe" uso kwa uso: ukinitukana au ukinilaani, mimi nitakuombea dua. Wa tisa anaambiwa Hafidh.

Msomaji wa ghazali anajua kwamba yule "yeye" na yule "wewe" ni mtu mmoja. Msomaji wetu amelelewa na taarabu, na sikio lake linafanya jambo jingine. Akisikia "yeye" halafu "wewe" katika wimbo wa mapenzi, huanza kumtafuta mtu wa pili: mmoja ni mpenzi, mwingine ni hasimu anayepigwa kijembe. Ubeti wa sita wenye matusi na laana unamchochea zaidi. Ataona mipasho mahali ambapo mshairi amesujudu.

Dawa yake si kuzisawazisha nafsi zote ziwe "wewe". Umbali wa ubeti wa kwanza una maana, kwani Mturuki yule hajaushika moyo bado. Ni "iwapo" tu. Dawa ni kumpa mpenzi jina la kumwita pale pale nafsi inapobadilika. Ubeti wa sita uanze na "Nyonda" au "Muhibu", kisha ndipo lije tusi:

Nyonda ukinena tusi, nami nitakuombea

Mizani ni 8 na 8, na neno la kwanza tu limeshamfunga huyu "wewe" kuwa ndiye yule wa mwanzo. "Ukinena" nimelichagua makusudi. Kiajemi kinasema *doshnam farma'i*, na *farmudan* ni kitenzi cha heshima, hutumika kwa maneno ya mkubwa anapoamuru. Mpenzi ni sultani na mshairi ni mtumwa wake, hata tusi lake ni amri. Kiambishi chetu "u-" hakina daraja, kila mtu huambiwa "u-", kwa hiyo heshima lazima ibebwe na kitenzi. "Ukinitukana" ni la barazani. "Ukinena" lina hadhi.

*Saqi* naye usimwite "mhudumu", utakuwa umefungua baa. "Mnyweshaji" linafaa, na wengi wanalijua kutoka kisa cha Yusuf na wale wafungwa wawili wa Firauni. Linakaa vizuri pia kwa kuwa ubeti wa tano unawataja Yusuf na Zulekha, na hao hawahitaji maelezo kwetu.

Kuna mtego mwingine katika ubeti wa saba, nao umejificha. Mshairi anamwambia mpenzi *jana*, "ewe roho", asikie nasaha, maana vijana wenye bahati huupenda wosia wa mzee mwenye hekima kuliko roho zao. Mkono wa Mswahili akiona mzee anamnasihi kijana huandika "mwanangu" wenyewe, kwa sababu ndivyo wosia wetu unavyozungumza. Mwana Kupona alimuusia bintiye, na utenzi ule umekuwa kipimo cha kila nasaha. Ukiandika "mwanangu" hapa, mpenzi amegeuka mtoto na ghazali imegeuka utenzi wa malezi. Andika "roho yangu".

Kuhusu umbo nitasema machache, kwa kuwa bahati imekuangukia. Bahari ya ghazali hii ni *mafa'ilun* mara nne, silabi 16 katika kila mshororo, na kituo kinaangukia baada ya silabi ya 8. Ni kipimo kilekile cha shairi letu. Ghazali haidai vina vya kati, basi usijitese navyo. Inachodai ni kwamba mishororo yote miwili ya ubeti wa kwanza iishie kina kimoja, na baada ya hapo mshororo wa pili wa kila ubeti ukirudie. Kwa Hafidh kina ni *-a*, kikifuatwa na neno *ra* linalorudi bila kubadilika. *Ra* hiyo ni alama ya yambwa tu na Kiswahili hakina mfano wake, ila silabi "ra" yenyewe unaweza kuichukua iwe kina chako:

Mturuki wa Shirazi, moyo kishika imara,
Natoa kwa kidotiche, Samarkandi, Bukhara.

"Kishika" ni inkisari ya "akishika", na katika "Samarkandi" nimeihesabu "r" kuwa mizani. Kwa Kiajemi moyo huo ni *del-e ma*, "moyo wetu". Nimeacha "wetu" kwa sababu kitenzi kinachofuata, *bakhsham*, kinasema "natoa" kwa umoja: "sisi" ya mshairi ni yeye mwenyewe, na kwetu "moyo wetu" ungeleta mtu wa pili ndani ya mapenzi yake.

Imebaki sahihi ya mwishoni. Washairi wetu pia hujitaja katika beti za tamati, lakini wao husema "mimi ni fulani, wa mahali fulani". Hafidh hasemi "mimi". Anajiita kama anavyomwita mtu mwingine: umetunga ghazali, umetoboa lulu, njoo uimbe vizuri, Hafidh, mbingu iutunze utungo wako mkufu wa Thuraya. Usiandike "mimi Hafidh". Acha aitwe, na jina libaki katika ubeti wa mwisho hata kama vina vinakusukuma ulihamishe. Thuraya ni zile nyota tunazoziita Kilimia, na "mkufu wa Kilimia" utaeleweka na wakulima na mabaharia, ingawa kina cha "ra" kitakulazimu uisukume Kilimia katikati ya mshororo.

Ukimaliza, mtafute mtu asiyemjua Hafidh, umsomee kwa sauti bila maelezo yoyote, kisha umwulize wamo watu wangapi wanaosemwa au kuambiwa neno, ukiwaacha Yusuf na Zulekha na wale wazuri wa mjini. Akijibu watatu, yaani mpenzi, mnyweshaji na mshairi, nafsi zako zimekaa. Akihesabu wanne, rudi ubeti wa sita, maana hasimu ameingia hapo. Akikuambia mpenzi ni mwanamke, mwulize amelijuaje. Neno atakalokutajia ndilo la kubadilisha.