Kulipia video ya YouTube itangazwe

"Video yangu ya pilau imekwama kwa watazamaji 200. Nikilipia itangazwe, nitafikisha zile saa 4,000 za kutazamwa ambazo YouTube inazitaka ili nianze kulipwa kwa matangazo?"

Hapana ndugu, saa zinazoletwa na tangazo hazihesabiwi kwenye hizo 4,000. Kama shida yako ni hiyo tu, hela inapotea.

Kwanza fungua YouTube Studio uone watu wanaondoka dakika ya ngapi. Wakikimbia kabla kitunguu hakijaiva, utalipia wakimbiaji wengine tu. Wakikaa hadi unapofunika sufuria, jaribu shilingi 5,000 za Tanzania kwa siku, siku nne, uchague Tanzania na Kenya, lugha Kiswahili. Mimi niliwahi kuacha dunia nzima kwa tamaa ya bei rahisi: watazamaji kibao, kila mmoja sekunde chache, maoni sifuri.

— Mbona mie nililipia TikTok na wafuasi wakaja?

Huko ni kwingine, dada, yeye kauliza saa za YouTube. Ila hao wafuasi, video uliyoweka baadaye bila kulipia waliitazama?

— Wachache. Lakini wateja wawili wa vitenge nilipata, hela yangu ikarudi.

Basi wewe ulikuwa na cha kuuza. Mwenye pilau sijui.