Koma peke yake haiungi sentensi mbili

“Mwenzangu husema koma zangu za Kiingereza kwenye meseji zimekosewa. Kosa liko wapi?” Waliojibu kabla yangu walikuwa wawili: mmoja alisema “however” inatosha kuunga sentensi hizo, mwingine akataja koma kabla ya “because”.

Tazama ujumbe huu: “I missed the bus, however I will come.” Kila upande wa koma una kiima na kitenzi chake, na ungeweza kusimama peke yake, kwa hiyo Kiingereza sanifu hudai hapo nukta, nukta-mkato au kiunganishi. Aliyejibu kwamba “however” inatosha amekaribia, lakini neno hilo ni kielezi: unaweza kulihamishia mwisho, “I will come, however”, jambo ambalo “but” haiwezi kufanyiwa katika Kiingereza sanifu. Andika basi “I missed the bus, but I will come”, au weka nukta-mkato kabla ya “however” na koma baada yake.

Nadhani hatulihisi kosa hili kwa sababu Kiswahili huvumilia “Nimekosa basi, nitachelewa” bila shida. Aliyetaja koma kabla ya “because” anazungumzia suala jingine, kwani kishazi kinachoanza na neno hilo ni tegemezi, hakisimami peke yake. Kati ya marafiki mimi huiacha koma inayounga sentensi mbili ipite. Katika barua ya kazi ningeisahihisha, ingawa wahariri hawakubaliani kuhusu vishazi vifupi sana.