Maswali na majibu: mifumo mikakamavu na hatua zinazokataa kukua

Mwalimu, nina milinganyo miwili tu ya difereshali, na jawabu lake ni mteremko laini. Nimetumia Euler ya kawaida kwa hatua ya 0.01, namba zimelipuka mpaka kompyuta ikaandika `nan`. Programu yangu ina kosa gani?

Programu haina kosa. Tatizo limo kwenye milinganyo yenyewe, ile ya matangi mawili uliyoniandikia:

```
x' = -x + 499.5(y - x)
y' = -y + 499.5(x - y)
```

Hapa x na y ni vimo vya maji, na muda unahesabiwa kwa saa. Kila tangi linavuja polepole, na bomba pana limeyaunganisha. Ukijumlisha milinganyo hiyo, jumla ya vimo inapungua kwa kasi ya -1. Ukitoa mmoja kwa mwingine, tofauti ya vimo inapungua kwa kasi ya -1000. Namba hizo mbili ndizo thamani aigeni za mfumo wako. Matangi yanasawazishana kupitia bomba, na baada ya nusu dakika tofauti imebaki chini ya sehemu moja ya elfu ya ilivyoanza. Kuvuja, kwa upande wake, kunachukua saa kadhaa. Mteremko laini unaouona ni huo wa kuvuja.

Sasa tazama Euler inavyoitendea ile tofauti. Katika kila hatua ya urefu h inaizidisha kwa (1 - 1000h). Kwa h = 0.01 hiyo ni -9, yaani kila hatua tofauti inakua mara tisa na kugeuza alama. Baada ya hatua kama 320 kompyuta haina tena nafasi ya kuandika namba hiyo. Ili kizidishi kisivuke 1 kwa ukubwa, h lazima iwe chini ya 0.002. Kwa saa 10 za maji kuvuja, utalazimika kupiga zaidi ya hatua 5,000 kuchora mstari ambao nukta mia moja zingeutosha.

Lakini ile tofauti inakufa mwanzoni kabisa. Je, nikianza na hatua ndogo, kisha niikuze ikishakufa?

Wengi wanalijaribu hilo, na lina mantiki yake, ila haliendi. Tofauti ya kweli imekufa, ndiyo, lakini kompyuta huacha mabaki ya kukata tarakimu, kama 10⁻¹⁶ hivi. Chukua h = 0.0021, iliyopita mpaka kidogo tu. Kizidishi ni -1.1. Baada ya hatua 400, yale mabaki yamekuzwa zaidi ya mara 10¹⁶, na sasa yanalingana na jawabu lenyewe. Hapo bado hujamaliza hata saa ya kwanza.

Shika jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha ukakamavu: mwanzoni hatua ndogo inadaiwa na usahihi, maana kuna badiliko la kweli la kufuata. Baadaye inadaiwa na uthabiti peke yake. Sehemu iliyokwisha kufa ndiyo inayoamua urefu wa hatua, ingawa haichangii chochote kwenye jawabu. Wanakemia Curtiss na Hirschfelder waliieleza hali hii mwaka 1952, na ndio waliouita mfumo wa namna hii mkakamavu.

Runge-Kutta ya daraja la nne haitoshi?

Haitoshi. Mpaka wake wa h mara ukubwa wa thamani aigeni hasi ni kama 2.785 badala ya 2 wa Euler, hivyo hatua inafika karibu 0.0028. Lakini kila hatua inakokotoa milinganyo mara nne. Kwa saa 10 hizo utaikokotoa zaidi ya mara 14,000, ambapo Euler ingekutosheleza kwa 5,000 na kitu. Kupanda daraja zaidi hakukuokoi: kizidishi cha njia yoyote dhahiri ya Runge-Kutta, yaani inayotumia thamani zilizokwisha kujulikana tu, ni polinomia ya h mara thamani aigeni, na polinomia haikosi kupaa ukienda mbali vya kutosha.

Njia fiche inafanya nini cha tofauti, na gharama yake ni ipi?

Euler fiche inapima kasi mwishoni mwa hatua, mahali ambapo bado hujafika. Kwa hiyo thamani mpya iko pande zote mbili za mlinganyo, na huna budi kuifumbua. Faida yake ni kwamba tofauti sasa inagawanywa kwa (1 + 1000h). Kwa h = 0.1 inagawanywa kwa 101 kila hatua, na haiwezi kulipuka hata uikuze h namna gani. Jumla inagawanywa kwa 1.1. Baada ya hatua kumi unapata 0.386 ya jumla ya mwanzo, wakati jawabu kamili ni 0.368. Kosa hilo la karibu asilimia 5 si dogo, lakini ni kosa la usahihi, na ukilitaka lipungue unachagua mwenyewe hatua fupi au daraja la juu.

Gharama iko kwenye kule kufumbua. Milinganyo ikiwa si ya mstari, kila hatua inahitaji njia ya Newton na matriksi ya Jakobi. Kwa vigeu viwili si kitu. Kwa vigeu elfu kumi, matriksi iliyojaa inakumaliza kumbukumbu na muda, na hapo inabidi utumie ukweli kwamba sehemu kubwa ya matriksi ni sifuri. Mfumo usio mkakamavu usiubebeshe mzigo huo.

Nimetumia kanuni ya trapeza kwa h = 0.1. Haikulipuka, lakini vimo vinaruka juu na chini kila hatua. Ni hitilafu?

Si hitilafu. Kizidishi chake ni (1 - 500h)/(1 + 500h), ambacho kwako ni -49/51. Ni chini ya 1 kwa ukubwa, hivyo hailipuki, lakini inaitunza tofauti badala ya kuiua: baada ya hatua kumi bado una asilimia 67 yake, ikigeuza alama kila mara. Anza kwa hatua chache za Euler fiche ziiue, kisha endelea na trapeza. Au tumia BDF ya daraja la pili, njia fiche inayotumia pia thamani za hatua zilizopita, ambayo kizidishi chake huelekea sifuri h ikikua.

Nitajuaje kama mfumo ni mkakamavu bila kukokotoa thamani aigeni?

Endesha njia dhahiri, RK45, na njia fiche, Radau, uone kila moja imekokotoa milinganyo mara ngapi:

```python
from scipy.integrate import solve_ivp

def f(t, z):
    x, y = z
    return [-x + 499.5*(y-x), -y + 499.5*(x-y)]

for m in ("RK45", "Radau"):
    s = solve_ivp(f, (0, 10), [2, 0], method=m)
    print(m, s.nfev)
```

RK45 itakupa maelfu mengi, Radau mamia tu. Kisha badilisha `rtol` ya RK45, yaani kosa unaloliruhusu, kutoka 1e-3 hadi 1e-6. Idadi ikibadilika kidogo tu, basi hatua haitawaliwi na usahihi unaoudai.

Na hata ukizikokotoa, usiishie kwenye thamani aigeni za mwanzo. Mfano wa kemia wa Robertson wa mwaka 1966 una viambato vitatu na kasi za 0.04, 10⁴ na 3×10⁷. Muda ukiwa sifuri, thamani zake aigeni ni -0.04, 0 na 0, na mtu angeapa kwamba mfumo ni mpole. Kufikia muda wa 0.4, moja imeshafika karibu -2,180, na baadaye sana inakaribia -10,000. Pima katikati ya safari, kwa thamani ambazo jawabu lenyewe limefikia.