Tangazo la zawadi ya kitenge

"Nina duka la vitenge Moshi, nataka kutoa doti moja bure Instagram. Niandikeje watu wasilalamike?"

Dada, malalamiko mengi huanza pale mshindi anapoambiwa baadaye alipie nauli ya mzigo, kwa hiyo taja gharama hiyo mapema, kwenye video na kwenye maelezo, kwa maneno yale yale. Usiandike "mwisho Ijumaa saa sita usiku", kwani wengine wataelewa usiku wa kuamkia Ijumaa.

Andika hivi: "Tunatoa doti moja ya kitenge. Tufuate, kisha acha maoni moja hapa chini kabla ya Ijumaa 14 Agosti, saa 12:00 jioni. Huhitaji kununua chochote. Mshindi mmoja atapatikana kwa droo ya bahati. Atachukua dukani Moshi, au tutamtumia kwa basi kwa gharama yetu. Instagram haihusiki na zawadi hii."